Saa ya betri au otomatiki: kisa cha mwalimu mwenye laki na nusu

Kisa hiki kilitokea mezani kwangu, Dodoma mjini, ambako natengeneza saa za mkono. Mwenyewe ameniruhusu nikiandike. Jina lake, shule yake na mahali aliponunua saa nimeviacha, na mambo machache yasiyobadilisha maana nimeyageuza ili asitambulike. Bei ni zile alizolipa yeye.

## Usuli

Mteja alikuwa mwalimu kijana wa jiografia, sekondari ya nje kidogo ya mji. Hakuwahi kuvaa saa maishani, kwani simu ilimtosha. Kilichomleta kwangu ni usimamizi wa mitihani: shuleni kwake simu haiingii kwenye chumba cha mtihani, iwe ya mwanafunzi au ya mwalimu, na saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu yeye hajaripoti kazini.

Alikuwa ameweka kando shilingi 150,000. Ukitaka saa nzuri hela hiyo si nyingi, na si haba vilevile. Inakupa saa mpya ya betri ya jina linaloeleweka na chenji inabaki. Ukitaka otomatiki mpya ya Kijapani haitoshi, kwa hiyo wenye mfuko huu wakiitaka otomatiki huishia kwenye mtumba.

Kwa wasiozoea tofauti yake: saa ya betri ina kipande kidogo cha fuwele ya kwatzi ndani. Umeme wa betri ukipita, fuwele hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa tu. Ukiigawa kwa mbili mara kumi na tano unabaki na moja, na hiyo moja ndiyo inayousukuma mshale wa sekunde hatua moja. Otomatiki haina betri. Ina springi kuu inayojazwa na kipande kizito kinachozunguka mkono unapotikisika, na nguvu ya springi inalipeleka gurudumu dogo huku na huko, mara 21,600 kwa saa moja katika mashine ya kisa hiki. Ni mapigo sita kwa sekunde, ndiyo maana mshale wake unaonekana kuteleza badala ya kuruka. Ukikuta saa imeandikwa otomatiki usoni lakini mshale unaruka sekunde kwa sekunde, anayekuuzia anakutania.

## Siku ya ushauri

Alikuja Alhamisi jioni na picha mbili kwenye simu.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba mwalimu. Nani kakuelekeza huku?”

Picha ya kwanza ilikuwa saa mpya ya betri, ya mishale, mkanda wa ngozi, shilingi 90,000, ina risiti na dhamana ya mwaka. Ya pili ilikuwa otomatiki ya Kijapani ya mtumba, rubi 21, yaani vijiwe vinavyopunguza msuguano ndani ya mashine, inaonyesha siku na tarehe, mfuniko wa nyuma wa kioo unaoonyesha mashine ikihema. Muuzaji alitaka 120,000.

Nilimwambia achukue ya betri. Sababu niliyompa ilikuwa moja, nikairudia kwa njia tatu: saa ya betri inashika wakati vizuri zaidi. Ya kawaida inakosea sekunde 15 hadi 20 kwa mwezi. Otomatiki ya daraja lile, watengenezaji wenyewe wanairuhusu ikimbie hadi sekunde 40 au ichelewe hadi sekunde 20 kwa siku. Linganisha mwezi na siku, nikamwambia, halafu uamue.

Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema baba yake alikuwa na saa ya kujaza kwa mkono ambayo aliivaa miaka mingi bila kununua betri hata moja, na kwamba betri ni kama vocha, ukianza kununua huachi. Tena kile kioo cha nyuma kilikuwa kimeshamteka. Sikuona sababu ya kubishana na mtu na hela yake. Nilimwomba kitu kimoja tu: kabla hajalipa, ailete niifungue.

Hakuileta. Jumamosi muuzaji alishuka hadi 110,000 na kumwambia kuna mwingine anakuja kuichukua mchana. Jumatano iliyofuata ndipo nilipoiona, ikiwa tayari mkononi. Hapa na mimi nilikosea. Nilikuwa na foleni ya wateja, nikaitazama kupitia kioo cha nyuma, nikaiweka sikioni, nikasema, “Inatembea.” Kutembea na kuwa nzima ni mambo mawili, na fundi ndiye anayepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

## Yaliyofuata

La kwanza lilikuwa mtihani wa muhula. Aliirekebisha saa kwa simu Jumamosi, na hadi Ijumaa hakuigusa tena. Akatangaza muda umekwisha, wanafunzi wakaweka kalamu chini, na chumba cha jirani wenzao bado wanaandika. Mwalimu mkuu msaidizi akaja mlangoni na saa yake. Tofauti ilikuwa dakika tatu na nusu. Walirudishiwa karatasi, lakini fikiria fedheha hiyo kwa mwalimu wa mwaka wa kwanza.

Hesabu yake ni nyepesi. Dakika tatu na nusu ni sekunde 210, na siku zilikuwa sita, kwa hiyo saa ilikuwa ikikimbia sekunde 35 kwa siku. Hiyo ni ndani ya kiwango cha mtengenezaji. Alikuja kwangu akidai saa ni mbovu, nikalazimika kumwambia kwamba kwa karatasi za kiwandani saa ile haikuwa na kosa.

La pili lilichukua muda kujulikana. Familia yake ina shamba la zabibu, na karibu kila Ijumaa jioni anavua saa, anaiacha chumbani, anakwenda shamba hadi Jumapili. Kuivua alifanya vizuri, maana jembe na otomatiki havipatani. Lakini mashine ile ikijaa inapaswa kutembea takribani saa 40 bila kuvaliwa. Yake ilikuwa ikisimama usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Nilipoipima baadaye ilifika saa 31 tu. Na ilikuwa ya aina ambayo huwezi kuijaza kwa kitufe cha pembeni, unaitikisa, basi.

Kwa hiyo kila Jumapili usiku aliitikisa, akarudisha mishale, akasukuma tarehe mbele. Saa ngapi? Saa nne usiku, anapomaliza kula. Na hapo ndipo kilipovunjika kidole cha ndani ya saa, kile kinachosukuma siku.

Nieleze kidogo, kwa sababu hili linawaponza wengi. Tarehe haibadiliki ghafla saa sita usiku. Ndani kuna kidole kidogo kinachoanza kuligusa gurudumu la tarehe mapema, kikalisukuma taratibu kwa saa kadhaa. Mishale ikisoma kuanzia 9 usiku hadi 3 alfajiri, yaani kwetu saa tatu usiku hadi saa tisa, usiiguse tarehe kwa kitufe. Ukilazimisha, kitufe na kidole vinavutana, na katika mashine hii kidole cha siku ni cha plastiki. Kuna mtego mwingine humo humo: mishale ikisoma 10 haikuambii ni saa nne ya asubuhi au ya usiku. Dawa ni kuizungusha mishale mbele mpaka uone tarehe inaruka. Hapo umejua ni usiku wa manane wa saa. Endelea mpaka mishale isome 6, kisha ndiyo usukume tarehe.

La tatu lilikuja wiki mbili baadaye. Saa iliyokuwa ikikimbia sekunde 35 ghafla ikaanza kukimbia zaidi ya dakika nne kwa siku. Alipoileta nilimuuliza huiweka wapi akilala. Juu ya simu, akasema. Simu yake ilikuwa na kava la kufunika, lile linalojifunga lenyewe kwa sumaku.

Nilitaka kumwonyesha, nikamuuliza kama ana dira. Mwalimu wa jiografia hakosi dira. Alikuwa nayo mkobani. Tuliiweka mezani ikatulia, nikaisogeza saa pole pole upande wa pembeni. Sindano ikaanza kucheza, ikigeuka huku na huku kufuata ule mpigo wa ndani. Alicheka mwenyewe. Springi ya unywele, ile nyembamba inayolirudisha gurudumu, ikinasa sumaku mizunguko yake inashikana, inakuwa kama imefupishwa, na gurudumu linapiga haraka kupita kiasi. Kuitoa sumaku ni kazi ya nusu dakika kwa kisanduku cha umeme, na sikumtoza kitu.

Saa ya betri nayo huipendi juu ya sumaku, lakini inachofanya ni kusimama au kuyumba ikiwa hapo. Ukiiondoa inaendelea, na unachofanya ni kurekebisha mishale tu.

## Nilichokikuta ndani

Siku hiyo ndipo nilipoifungua ipasavyo, kazi niliyopaswa kuifanya Jumatano ile. Mfuniko ulitoka kirahisi mno. Oringi ya mpira ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama uzi wa plastiki, imekatika sehemu moja. Chini yake kulikuwa na vumbi jekundu, lile lile la barabara zetu, laini kama unga, limejipanga duara kufuata ukingo. Mafuta kwenye rubi yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Vichwa vya skrubu mbili vilikuwa vimechubuliwa na bisibisi isiyo ya saizi yake, kwa hiyo kuna aliyetangulia kuingia humo kwa haraka.

Usoni, kwa lenzi, niliona vistari vya dakika havikutani sawasawa na vialama vya ukingo, na herufi zilikuwa nene zimevimba pembeni. Uso ulikuwa umepakwa rangi upya. Rangi haiathiri mwendo, lakini inakuambia kitu: kuna mtu aliyetumia muda kuipendezesha saa na hakutumia muda kuiosha.

Nilimpa hesabu. Kufungua yote, kuosha, kutia mafuta, oringi mpya na kurekebisha mwendo ni 45,000. Kidole cha siku, 20,000.

## Maamuzi na matokeo

Alikuwa na njia tatu: aiuze kwa hasara, aitengeneze, au aitupe kabatini. Kuuza nilimshauri asiuze bila kumweleza mnunuzi ukweli, na ukieleza ukweli hupati hata 60,000. Akaitengeneza, akalipa kwa awamu mbili.

Baada ya kuoshwa ilitulia kwenye sekunde nane mbele kwa siku, na ikafika saa 38 ikiwa mezani. Kwa mashine ya umri ule mimi sikuidai zaidi. Nilimfundisha na ujanja wa usiku: ailaze siku chache kitufe kikitazama juu, siku chache uso ukitazama juu, aandike tofauti. Otomatiki haiendi mwendo mmoja kwa kila mlalo, na ukijua mlalo unaoichelewesha unaweza kuitumia kufuta zile sekunde nane ukiwa umelala.

Lakini Ijumaa bado aliivua, na Jumapili bado aliikuta imesimama au iko ukingoni kusimama. Mwezi wa tano akaja bila hiyo saa. Alikuwa amempa baba yake, yule yule wa saa ya kujaza. Mzee anaivaa mchana na usiku, haivui hata kulala, kwa hiyo haijasimama tangu hapo.

Mwalimu mwenyewe akanunua Casio F-91W, ya plastiki, ya namba, 45,000. Nayo ni saa ya kwatzi, ingawa haina mishale. Modeli hiyo imekuwepo tangu mwaka 1989, na betri yake inakadiriwa kudumu miaka 7. Tuliijaribu hapo hapo mezani kwa kubonyeza kitufe cha kulia na kukishikilia sekunde tatu mpaka kioo kikaandika `CASIo`. Feki nyingi haziandiki hivyo.

Jumla yake ikawa hivi: 110,000 ya saa, 65,000 ya matengenezo, 45,000 ya saa ya pili. Ni 220,000 kwa mtu aliyeanza na 150,000.

## Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki husema kosa ni mtumba. Sehemu ni kweli. Otomatiki ya mtumba usiyojua historia yake inunue kana kwamba haijawahi kuoshwa, yaani ongeza gharama ya kuosha kwenye bei kabla hujaanza kupatana. Kwa saa hii bei ya kweli ilikuwa 155,000 tangu siku ya kwanza, hata bila kidole kuvunjika. Angeijua hesabu hiyo Jumamosi ile, angeona kwamba imeshapita mfuko wake.

Lakini hata ingekuwa mpya kabisa, Ijumaa yake ingebaki pale pale. Tangu jioni ya Ijumaa saa kumi na mbili hadi Jumapili saa nne asubuhi ni saa 40. Mashine nzima kabisa ingemkuta Jumapili usiku ikiwa imelala. Otomatiki ni saa ya mtu anayeivaa kila siku, na mtu anayevua saa siku mbili kila wiki anajiandikia kazi ya kurekebisha kila wiki, na kila kurekebisha ni nafasi ya kuharibu tarehe. Hilo halikuandikwa kwenye takwimu yoyote niliyompa, na lilikuwa ndilo lenye uzito kuliko yote.

Hapo ndipo ushauri wangu uliposhindwa. Nilimpa jibu sahihi kwa sababu ambayo haikumgusa. Sekunde 20 kwa mwezi dhidi ya sekunde 35 kwa siku ni namba kubwa kwa fundi. Kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa saa ni maneno tu, tena sekunde 35 zinasikika kama hakuna kitu mpaka uzizidishe kwa siku za wiki. Ningemuuliza tu wikendi yake inakwendaje, angejijibu mwenyewe.

Hoja yake ya betri nayo sikuijibu, na inastahili jibu. Ile saa ya mishale ya 90,000 ingehitaji betri kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kwangu kubadili betri pamoja na kukagua oringi ni 8,000. Kwa miaka mitano hiyo ni mara mbili, 16,000, jumla 106,000. Otomatiki katika muda huo huo inafikia zamu ya kuoshwa, na kuosha mara moja ni karibu nusu ya bei ya saa mpya ya betri. Kinachofanana na vocha kweli ni betri za bei ya chini. Mashine nyingi za mishale hutumia SR626SW, ambayo ni ya fedha na inashikilia volti 1.55 karibu hadi mwisho. Mtaani utawekewa LR626, saizi ile ile, alkalini, volti zake zinashuka taratibu na inapenda kuvuja. Ukiona unabadili betri kila miezi minane, uliza imeandikwa nini. Na betri ikiisha usiiache ndani: nina droo ya saa za betri zilizokufa, na nyingi hazikufa kwa uzee, zilikufa kwa maji ya betri yaliyokula waya wa koili. Hata hapo, mara nyingi nang'oa mashine nzima na kuweka mpya kwa hela ndogo kuliko kuosha otomatiki moja.

Kuna alichofanya vizuri, nisimwonee. Kuivua saa shambani kuliokoa gurudumu na ekseli yake. Kuandika tofauti ya sekunde kila siku kulinisaidia kujua sumaku iliingia siku gani. Na kumpa baba yake, badala ya kuisukumia kwa mnunuzi mwingine asiyejua, ndio uamuzi niliouheshimu zaidi.

Mwenye 350,000 na zaidi, anayevaa saa siku saba, asome kisa hiki kwa jicho jingine. Hapo anaweza kupata otomatiki mpya inayojazwa kwa kitufe na ambayo mshale wa sekunde husimama ukivuta kitufe, ukairekebisha sawasawa na simu. Nusu ya matatizo ya mwalimu hayangekuwepo.

Kwangu kuna mambo mawili yaliyobadilika. Saa ya mtumba sisemi tena “inatembea” kabla haijalala mezani siku nzima. Na mteja akija na picha mbili kwenye simu, swali langu la kwanza ni, “Utakuwa unaivua lini?” Wiki iliyopita dereva mmoja wa bodaboda alinijibu, “Usiku tu, nikioga.” Nikamwambia alete hiyo otomatiki tuifungue kwanza.